Kishikwambi kinapopiga hodi kwenye kompyuta: kwa nini tundu la USB huchaji polepole

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kama walimu wengi wa Tanzania tangu vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipogawiwa shuleni, sehemu kubwa ya kazi yake siku hizi imo ndani ya kioo: andalio la somo, mahudhurio, alama za wanafunzi, vitabu vya kiada. Alinipigia simu mchana mmoja akiwa amekata tamaa.

"Mdogo wangu, kishikwambi changu kimekufa betri. Nimekichomeka kwenye kompyuta ya ofisini tangu asubuhi, nikawa nakitumia huku kinachaji, sasa hivi naangalia asilimia imeshuka badala ya kupanda. Fundi anasema nibadilishe betri."

Nikamwomba, kabla hajatoa hela, akichukue kishikwambi hicho, akichomeke kwenye chaja yake ukutani, azime kioo na akiache saa moja. Asilimia zikapanda vizuri kabisa. Betri ilikuwa nzima.

Naandika haya kwa sababu najua dada si peke yake. Betri nzima hubadilishwa bila sababu, vifaa vizuri huitwa vibovu, na watu hulaumu waya, chaja au kompyuta bila kujua kinachoendelea ndani. Na kinachoendelea kinaeleweka kabisa ukikifuata hatua kwa hatua.

Watu wengi huamini kwamba tundu la USB la kompyuta lina "umeme mdogo" na soketi ya ukutani ina "umeme mwingi", basi kifaa hupokea kile kinachosukumwa. Sivyo. Tundu la kompyuta na chaja ya kawaida ya ukutani vyote hutoa volti 5. Volti hizo husubiri tu kwenye pini. Kiasi cha mkondo kinachoingia huamuliwa na kishikwambi chenyewe, kwa sababu ndani yake kuna saketi ndogo ya kuchaji ambayo kazi yake mojawapo ni kujiwekea kikomo: nivute miliampia 100, au 500, au 2000. Ili kuchagua kikomo hicho, kishikwambi hupiga hodi kwanza na kusikiliza nani anaitikia upande wa pili.

Hodi hiyo hupigwa kwa nyaya mbili. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme, yaani volti 5 na ardhi, na mbili za data ziitwazo D+ na D-. Ukichomeka kwenye kompyuta, kompyuta huitikia kwa data. Inakiuliza kifaa ni nani, kinahitaji nini, kisha inakiruhusu. Kanuni ya USB 2.0 inasema kifaa ambacho hakijajitambulisha kisivute zaidi ya miliampia 100, na kikishakubaliwa kinaweza kuvuta hadi 500. Hapo ndipo mwisho. Miliampia 500 kwa volti 5 ni wati 2.5.

Kikomo hicho kina historia. USB ilitolewa 1996 kwa ajili ya kibodi, kipanya, printa na vitu vya namna hiyo, vifaa ambavyo umeme kidogo tu huvitosha. Hakuna aliyekuwa akiwaza kujaza betri ya kompyuta bapa yenye kioo cha inchi kumi. Matundu yote ya kompyuta hugawana chanzo kimoja cha volti 5 ndani ya mashine, kwa hiyo kila kifaa kilipaswa kujua fungu lake na kulitii. Matundu mengi yanaweza kutoa zaidi ya miliampia 500 bila kuzimika, lakini kishikwambi chenye adabu hakivuti zaidi ya kilichoruhusiwa, na ni vizuri kwamba hakivuti.

Ukichomeka kwenye chaja ya ukutani, hali hubadilika. Chaja haina ubongo wa kompyuta na haiwezi kuzungumza kwa data. Badala yake ina alama ya kimyakimya. Kwa kanuni ya kuchaji ya USB iitwayo `BC 1.2`, ya 2010, chaja huunganisha D+ na D- kwa pamoja ndani yake. Kishikwambi hutuma volti ndogo kwenye waya mmoja, kikaiona inarudi kupitia wa pili, na hapo kinajua: hapa hakuna kompyuta, hapa ni ukutani, naweza kuvuta ampia 1.5 au zaidi kadiri chaja itakavyohimili. Kampuni nyingine zilijitungia alama zao. Chaja ya Apple ya wati 10 huweka volti 2.7 kwenye waya mmoja wa data na 2.0 kwenye mwingine, na iPad ikiona jozi hiyo huvuta ampia 2.1. Samsung kwa vishikwambi vyake vya miaka hiyo ilitumia volti 1.2 kwenye nyaya zote mbili. Ndiyo maana wakati mwingine chaja nzuri ya kampuni moja huchaji polepole kishikwambi cha kampuni nyingine: nguvu ipo, ila kishikwambi hakielewi alama, basi kinachagua usalama na kubaki kwenye miliampia 500 kana kwamba kipo kwenye kompyuta.

Sasa tupige hesabu ya kishikwambi cha dada. Betri yake imeandikwa 5000 mAh na volti 3.8. Zidisha, unapata wati-saa 19. Hicho ndicho kiasi cha nishati kinachopaswa kuingia ili kijae kutoka sifuri. Kwenye kompyuta ya ofisini kinapewa wati 2.5. Si zote zinazofika kwenye betri, kwa sababu saketi ya kuchaji hupoteza kiasi kama joto, na waya nao hula chake. Tuseme zinafika wati 2.1. Gawa 19 kwa 2.1, unapata saa tisa. Na hizo ni saa tisa kishikwambi kikiwa kimelala, kioo kimezimwa, hakuna kinachofanya kazi ndani.

Kwenye chaja yake ya volti 5 na ampia 2 kinapewa wati 10. Zikifika wati 8.5 kwenye betri, hesabu inatoa saa mbili na robo. Kwa kweli inakuwa karibu saa tatu, kwa sababu betri ya lithiamu haijazwi kwa kasi ileile hadi mwisho. Ikikaribia kujaa, saketi hushikilia volti na kuuacha mkondo upungue taratibu, na zile asilimia 15 au 20 za mwisho huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye kompyuta hutaliona hilo sana, kwa kuwa mkondo ulikuwa mdogo tangu mwanzo.

Lakini dada hakukilaza. Alikuwa anajaza alama, kioo kiko juu kabisa maana ofisi yao ina mwanga mwingi, na Wi-Fi inafanya kazi. Kishikwambi cha ukubwa ule katika hali hiyo hutumia kama wati 3, wakati mwingine zaidi. Kinaingiza wati mbili na kidogo, kinatumia tatu. Upungufu unatolewa na betri. Alama ya kuchaji inawaka, na ni kweli umeme unaingia, na asilimia zinashuka. Hakuna kitu kilichoharibika.

Jambo hili liliwasumbua sana wenye iPad za mwanzo. iPad ya kizazi cha tatu, ile ya 2012, ina betri ya wati-saa 42.5. Kwa wati 2.5 ni saa 17 hata kama hakuna chochote kinachopotea njiani. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingi za Windows huku kioo kikiwaka, juu kuliandikwa `Not Charging`, na watu wakadhani tundu limekufa. Ukizima kioo ilikuwa ikichaji, polepole. Kompyuta za Apple zenyewe zilipewa njia ya kuiongezea iPad mkondo. Ukifungua `System Information` kwenye Mac na kwenda sehemu ya USB, chini ya jina la iPad unaweza kukuta mstari `Extra Operating Current (mA)`, na hapo 1600 ukijumlisha na zile 500 za kawaida unapata ile ampia 2.1.

Hali ngumu kuliko zote ni kishikwambi kilichozimika kabisa kisha kikachomekwa kwenye kompyuta. Hapa watu wengi hupoteza matumaini, na ninawaelewa. Kumbuka kwamba ili kupata miliampia 500, kifaa lazima kijitambulishe. Kujitambulisha kunahitaji kifaa kiwake. Kuwaka kunahitaji umeme kwenye betri. Betri haina. Kwa hiyo kinabaki kwenye fungu la asiyejitambulisha, miliampia 100, yaani nusu wati. Kanuni ile ya `BC 1.2` ina kifungu maalumu kwa ajili ya betri iliyokufa, kinachoruhusu kifaa kuvuta hizo 100 kwa muda usiozidi dakika 45 kikijaribu kufufuka. Juu ya hilo, betri ya lithiamu iliyoshuka sana haiwezi kupokea mkondo mkubwa kwa usalama, hivyo saketi huanza kwa kuidondoshea kidogokidogo hadi volti zipande karibu na 3. Matokeo ni kioo cheusi kwa muda mrefu. Au baya zaidi: kishikwambi kinakusanya umeme kidogo, kinajaribu kuwaka, kuwaka kunakula zaidi ya kinachoingia, kinazima, kinaanza upya. Nembo inatokea, inapotea, inatokea. Mafundi wengi huliona hilo na kusema ni programu imeharibika, kisha wanafuta kila kitu kilichomo. Tafadhali, kabla ya kuruhusu hilo, kichomeke ukutani na kukiacha nusu saa bila kukigusa.

Tofauti na kishikwambi, kifaa cha kusomea vitabu kama Kindle huvumilia kompyuta vizuri zaidi. Betri yake ni ndogo, mara nyingi karibu na 1500 mAh, na kioo chake cha wino hakitumii umeme kushikilia ukurasa, kinatumia wakati wa kuubadilisha. Kwa miliampia 500 kinajaa katika saa tatu hadi nne hivi. Ukutani kitaharakisha, lakini si kwa mara nne, maana betri ndogo nayo haipaswi kusukumiwa ampia mbili, na saketi yake inajua hivyo. Chaja ya simu ya wati 60 haitakijaza haraka kuliko chaja ya kawaida. Tatizo la Kindle kwenye kompyuta ni jingine: unaichomeka usiku kwenye kompyuta mpakato, unafunga kifuniko, asubuhi unaikuta ilivyokuwa. Kompyuta ikilala, matundu yake mengi huacha kutoa umeme, au huacha mawasiliano ambayo yaliruhusu miliampia 500. Kifaa kikiona mawasiliano ya USB yamesinzia, kanuni ya USB inakitaka kishuke hadi miliampia 2.5, kiasi kisichochaji chochote.

Kuna matundu ya kompyuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchaji. Hujulikana kwa alama ndogo ya betri au ya radi pembeni, na kwenye baadhi ya kompyuta hubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Tundu la namna hiyo linaweza kutoa hadi ampia 1.5 huku data ikiendelea kupita. Angalia vizuri tu: radi yenye mshale chini ni alama ya Thunderbolt, jambo tofauti.

Tundu la bluu, lile la USB 3.0, huwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Ni kweli kanuni yake inaruhusu miliampia 900. Lakini fungu hilo ni la kifaa kinachozungumza USB 3.0. Vishikwambi vingi vya bei ya kati vina USB 2.0 ndani, kwa hiyo hata kwenye tundu la bluu vinazungumza lugha ya zamani na kupewa fungu la zamani. Na ukipitia kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake, hali inakuwa mbaya zaidi: kigawanyio chenyewe hupewa 500, hujibakizia 100, na matundu yake manne hupata 100 kila moja.

Waya nao una maneno yake. Ukiusoma kwa makini, nyaya nyingi zimechapishwa kitu kama `28AWG/1P+24AWG/2C` kwenye ngozi yake. Sehemu ya pili ndiyo ya umeme: 24 ni waya mnene kuliko 28, namba ikipanda unene unashuka. Waya wa umeme wa 28 wenye urefu wa mita moja, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.43. Ukipitisha ampia 2, unapoteza karibu volti 0.85 njiani, na kishikwambi kinapokea kama 4.15 badala ya 5. Saketi ya kuchaji ikiona volti zimeshuka hivyo hupunguza mkondo wenyewe. Kwa waya wa 24 upotevu ni kama 0.34 tu. Lakini kwenye kompyuta, kwa ampia nusu, hata waya mwembamba hupoteza volti 0.2 hivi, jambo dogo. Kwa hiyo waya mbaya huharibu zaidi uchaji wa ukutani. Ukiona ukutani na kwenye kompyuta kasi ni ileile, shuku waya kwanza. Huenda ni mwembamba, au ni ule wa kuchaji tu usio na nyaya za data, na kishikwambi kinapiga hodi bila kusikia lolote, hivyo kinajibania. Kipimo ni rahisi: jaribu kuhamisha faili kwa waya huo. Ukikataa, tafuta waya mwingine kabla hujalaumu chaja.

Kwa anayetaka kuona kwa macho kile kishikwambi cha Android kilichoamua, washa ruhusa ya USB debugging, na kwenye kompyuta yenye `adb`, programu ya kutuma amri kwa kifaa cha Android, andika:

```
adb shell dumpsys battery
```

Kati ya mistari itakayotokea utakuta `USB powered: true` kama kishikwambi kimeitambua kompyuta, na `Max charging current: 500000`. Hizo ni maikroampia, yaani miliampia 500 zilezile. Kwa chaja ya ukutani, ukiunganisha `adb` kwa Wi-Fi, utaona `AC powered: true` na namba kubwa zaidi. Nilimwonyesha dada mistari hiyo na ndipo aliponiamini kabisa. Kwa asiyependa kuandika amri, Android yenyewe huandika kwenye kioo kilichofungwa kwamba inachaji polepole pale nguvu inayoingia inapokuwa chini ya wati 5. Maandishi hayo si onyo la ubovu.

USB-C imelainisha mambo bila kuyamaliza. Humo kuna pini nyingine, za `CC`, na tundu hutangaza uwezo wake kwa rezista: ya kiloomu 56 inamaanisha kiasi cha kawaida cha zamani, 22 inamaanisha ampia 1.5, na 10 inamaanisha ampia 3. Kompyuta mpakato mpya yenye tundu la USB-C mara nyingi hutangaza ampia 1.5 au 3, na hapo kishikwambi hupata wati 7.5 au 15. Ila ukitumia waya wenye kichwa kipana cha zamani upande mmoja na USB-C upande mwingine, rezista imo ndani ya waya wenyewe na lazima iwe ya 56. Mwaka 2015 mhandisi wa Google Benson Leung alianza kununua na kupima nyaya hizo moja moja, akakuta nyingi zina rezista ya 10. Nyaya hizo zilikiambia kifaa kivute ampia 3 kutoka tundu la kompyuta ambalo halikuahidi kamwe kiasi hicho. Waya unaochaji kwa kasi ya ajabu kutoka tundu la zamani la kompyuta si wa kufurahia.

Dada aliniuliza swali moja ambalo wengi watauliza: umeme ukikatika, je, inafaa kukichaji kishikwambi kutoka kwenye kompyuta mpakato? Inafaa, ukipanga vizuri. Betri ya mpakato wa kawaida ina wati-saa 50 hivi. Mpakato ukiwa umewashwa, wenyewe hula wati 8 hadi 15 ili tu kukesha ukitoa zile wati 2.5. Kwa saa nne utakuwa umeimaliza au umekaribia kuimaliza, na kishikwambi kitakuwa kimepata wati-saa 8 tu, chini ya nusu ya betri yake. Kama mpakato una tundu lenye alama ya betri linalotoa umeme mashine ikiwa imezimwa, izime kabisa na uchomeke hapo. Nishati karibu yote itakwenda kwenye kishikwambi. Kama hauna, ni afadhali kutumia mpakato wenyewe kwa kazi iliyobaki, upunguze mwanga wa kioo cha kishikwambi, uzime Wi-Fi yake, na kusubiri umeme urudi.

Sasa dada hukichaji kishikwambi usiku nyumbani, kwenye chaja yake, na ofisini hukichomeka kwenye kompyuta pale tu anapohamisha faili.